Jinsi ya Kumtafutia "Zaidi" Mwenzake, na Kumwondoa Asipompata

Ukikaa kutafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki, siku moja utakutana na kivumishi au kielezi chenye kiambishi cha kulinganisha, na hapohapo mkono utaandika "zaidi". Uzuie. Msomaji wa Kiswahili akisikia "zaidi" husubiri aambiwe zaidi ya nani, au zaidi ya nini. Usipomjibu, atajijibu mwenyewe, na huenda akamtia Paulo maneno ambayo hakuyasema.

Mfano mzuri uko Matendo 25:10. Paulo yuko Kaisaria, mbele ya Festo. Liwali amemuuliza kama yuko tayari kwenda Yerusalemu akahukumiwe huko. Paulo anakataa: hajawakosea Wayahudi, na Festo analijua hilo *kallion*. Kamusi itakuambia kwamba neno hilo maana yake ni "vizuri zaidi". Basi andika "unajua vizuri zaidi", kisha msomee mtu sentensi hiyo na umuulize: Festo anajua kuliko nani?

Akijibu "kuliko Paulo", ujue umeharibu. Mshtakiwa hawezi kusema kwamba hakimu anamshinda kujua alichotenda yeye mwenyewe, tena hakimu mgeni aliyeingia mkoani juzijuzi. Akijibu "kuliko Wayahudi", aya haina kinacholiunga mkono jibu hilo. Wako wafafanuzi wanaojazia "kuliko unavyojifanya kujua". Ni wazo la kuvutia, ila mfungwa anayekaribia kukata rufani kwa Kaisari angekuwa anamwita liwali mnafiki mbele ya watu, na Luka hatupi dalili ya hilo. Mwenzake "zaidi" hayupo, kwa hiyo mwondoe: "nawe wajua vyema kabisa". Sasa Paulo anamfunga Festo kwa ushuhuda wa Festo mwenyewe, na hiyo ndiyo nguvu ya hoja yake.

Kigiriki hakikukosea hapo. Katika lugha ya kawaida ya karne ya 1, maumbo ya daraja la juu kabisa, yale ya *-tatos* na *-istos*, yalikuwa yamepungua sana midomoni mwa watu, na umbo la kulinganisha likabeba kazi zake nyingi. Mara nyingi lilikuwa linakoleza sifa tu. Kiswahili hakina umbo hilo. Tukilinganisha tunahitaji "kuliko", "kushinda" au "kupita", na tukikoleza tuna "sana", "kabisa", "mno".

Lakini usimfukuze kila "zaidi" unayekutana naye. Katika Matendo 23:15 watu waliokula kiapo cha kumuua Paulo wanataka baraza limwombe jemadari amlete, kana kwamba watachunguza habari zake *akribesteron*. Rudi nyuma kidogo: siku iliyotangulia Paulo alisimama mbele ya baraza hilohilo, Mafarisayo na Masadukayo wakagombana, na kikao kikavunjika bila jambo kueleweka. Mwenzake "zaidi" ni kikao hicho. "Kwa uhakika zaidi" ni sahihi hapa, na ukiweka "sana" unakivunja kisingizio chao. Sura inayofuata, 24:22, neno hilohilo linamhusu Feliki na ujuzi wake wa ile Njia. Hapo hakuna anayelinganishwa naye, kwa hiyo "alijua kwa hakika sana" inatosha. Neno moja, sura mbili, maamuzi mawili: ndiyo maana kamusi peke yake haitakuokoa.

Ukishamwondoa "zaidi", chagua mkolezo kwa uangalifu, hasa Areopago. Katika Matendo 17:22 Paulo anawaita Waathene *deisidaimonesterus*, na shina lake laweza kumaanisha mcha miungu au mshirikina. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ilichukua upande wa ushirikina uliopita kiasi. Ukiandika "mno" utaelekea hukohuko, kwa sababu "mno" hubeba harufu ya kuvuka mpaka, na msemaji hafungui hotuba kwa kuwatukana anaotaka wamsikilize. Andika "sana": ni watu wa dini sana. Kama kuna mwiba ndani ya shina, mwache msikilizaji auhisi mwenyewe, kama Mwathene alivyouhisi.

Pana mahali kipimo chetu kinagota. Katika 2 Timotheo 1:18 Paulo anataja huduma ya Onesiforo huko Efeso, na kusema kwamba Timotheo anaijua *beltion*. Timotheo anaufahamu mji huo kwa karibu, na mwandishi yuko kifungoni, kwa hiyo "kuliko mimi" inawezekana kabisa. "Vizuri sana" inawezekana vilevile. Kigiriki kimemtaja "wewe" kwa mkazo, na Kiswahili kina njia ya kuubeba mkazo huo: "wewe mwenyewe wajua vizuri". "Mwenyewe" inaacha mlango wa kulinganisha wazi bila kumlazimisha mtu kupita.