Feni Sita na Taa za Bluu

Ukilalamikia joto mbele ya muuza vifaa vya kompyuta, umeshamwonyesha pochi ilipo. Mimi nilisema tu kwamba kompyuta yangu mpakato inachemka. Kabla sijafika mwisho wa sentensi nilishawekewa mbele yangu kibao cha plastiki chenye feni sita na taa za bluu, bei yake shilingi 45,000, "kwa sababu ni wewe, bosi." Yule kijana sijapata kumwona maishani mwangu. Asiye mimi anatozwa ngapi, Mungu ndiye ajuaye.

Nyumbani Mama Zawadi alizitazama zile taa zikikimbizana ukingoni mwa kibao, akauliza, "Baba Zawadi, inapaa saa ngapi?" Nikamwambia asubiri aone. Nilikuwa na kazi ya kutosha kukijaribu: video ya harusi ya mpwa wangu, ambayo kamati iliniagiza niipunguze ukubwa ili ndugu wa mikoani waipokee kwa simu. Kazi ya aina hiyo huikamua prosesa bila kuipa nafasi ya kupumzika. Na Dar es Salaam yetu hii ya Februari, sebuleni kulikuwa na nyuzi 32 kabla hata sijawasha chochote.

Sasa, kompyuta mpakato zilizo nyingi hupumua kwa tumboni. Feni ya ndani huvuta hewa kupitia matundu ya chini, huipuliza kwenye mapezi membamba ya chuma yanayopokea joto la prosesa, kisha huitoa nyuma au ubavuni. Lakini aliyeitengeneza mashine ameipa miguu ya mpira yenye kimo cha milimita chache tu, ili ionekane nyembamba kwenye tangazo. Kwa hiyo feni inavuta hewa kwa shida katika upenyo ule, na baadhi ya hewa inayoivuta ni ileile ya moto iliyotoka nyuma sekunde iliyopita. Ukiiweka kitandani juu ya shuka, hata huo upenyo haupo.

Nikafungua HWiNFO, ambayo huonyesha joto na kasi ya prosesa. Ikiwa mezani kama ilivyotoka kiwandani, mashine ilipanda hadi nyuzi 97 na kuganda hapo, na kasi ikashuka hadi gigahezi 2.4. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mashine ikifika kikomo chake hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, kwa hiyo ukitazama joto peke yake utaona nyuzi zilezile na kusema kifaa hakijasaidia kitu, kumbe kazi inakwenda mbio zaidi. Tazama joto na kasi kwa pamoja, au tazama saa. Video yangu ilichukua dakika 52.

Kabla ya kukipa nafasi kibao cha bosi, nilichukua vizibo vya chupa za maji, nikaviweka kimoja juu ya kingine chini ya pembe mbili za nyuma. Bei yake: sifuri. Nyuma ikainuka kama sentimita 2 na nusu. Joto likawa nyuzi 94, kasi gigahezi 2.9, video ikaisha kwa dakika 43.

Ndipo nikakiwasha kibao chenyewe. Feni sita zikanguruma, sebule ikageuka bluu kama ukumbi wa disko, na matokeo yakawa nyuzi 93, gigahezi 3, dakika 42. Kwa hiyo vizibo viliniokolea dakika tisa, na shilingi 45,000 zikaniongezea moja. Tena sina hakika hata hiyo moja ni ya feni, maana kibao nacho kinainua mashine.

Nilitaka kujua upepo wote ule unaishia wapi. Nikachana kijipande cha karatasi laini ya chooni, nikakizungusha kando ya mashine feni zikiwa zinafanya kazi. Kilipepea pembeni kote. Upepo unagonga tumbo la plastiki, unatawanyika ubavuni, na unaoingia matunduni ni kiasi kidogo mno. Nilipoigeuza mashine nikaona feni nne kati ya sita zinaelekea mahali pasipo na tundu hata moja. Na nguvu yenyewe iko wapi? Tundu la kawaida la USB la zamani linatoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2 na nusu, na hizo zigawanywe kwa feni sita pamoja na disko. Kuna na vibao vingine, heri yangu mimi, ambavyo feni zake huvuta hewa kwenda chini badala ya kuipandisha, vikawa vinagombania hewa ileile na feni ya mashine.

Haki ya mnyonge, plastiki ya juu ilipoa na mapaja yangu yakashukuru. Ila mimi nilikwenda kununua dawa ya prosesa, si ya mapaja.

Aina inayofanya kazi kweli ipo, na kijana wa jirani anayecheza michezo ya kompyuta anayo. Ina feni moja kubwa yenye umeme wake wa ukutani, na pembeni imezungushiwa sponji nene inayobana tumbo la mashine pande zote. Hewa haina pa kutorokea, lazima ipite matunduni. Aliniazima, na bila vizibo ikashusha joto hadi nyuzi 84, kasi ikapanda hadi gigahezi 3.4. Lakini kelele! Mama Zawadi alitoka jikoni kuuliza nani anasaga nafaka. Pia inasukuma vumbi ndani kwa bidii ileile, kwa hiyo isiyo na kichujio usiiguse.

Stendi zile ndefu za alumini nazo zimesifiwa kupita kiasi. Kwa shingo zinasaidia, sikatai, mradi uwe na kibodi ya pembeni. Lakini muuzaji akikwambia alumini "inanyonya joto," mwulize inanyonyaje wakati mashine imekaa juu ya vipira na haiigusi. Kinachosaidia ni uwazi chini ya matundu, na ukishapata sentimita 2 au 3 za uwazi, kuongeza kimo hakuongezi ubaridi. Stendi yenye bamba zima lililoziba chini ni meza nyingine tu, uliyoilipia.

Mwisho nikaipeleka mashine kwa fundi. Akafungua mfuniko wa chini, akanionyesha kati ya feni na mapezi: vumbi limejisokota likawa blanketi kamili, la kijivu. "Mzee, hii ilikuwa inapumua kwa kudra," akasema. Alizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo, akapuliza vumbi, akafuta pesti iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Sikujua kama nicheke au nimlilie yule bosi wa bluu, kwa sababu niliporudi nyumbani na vizibo vyangu mashine ilishika nyuzi 86 na gigahezi 3.4, karibu sawa na ile ya kusaga nafaka, kimya kimya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa pesa, geuza mashine yako uangalie matundu yako wapi. Kama tumbo halina tundu hata moja, hakuna kibao cha feni kitakachofika kwenye prosesa yako. Kama yapo, inua nyuma na umwone fundi kwanza, na ukiona bado inajipunguzia kasi ndipo utafute kile chenye sponji. Ukikutana na kijana mwenye taa za bluu, mwambie bosi amekwishanunua.