Nusu ya Tangi

Kila Jumatatu asubuhi, ukungu wa Kaptagat ukiwa bado haujatoka kwenye misitu, bosi wetu hufungua mfumo wa wateja na kutusomea utabiri wa mauzo. Sisi tunauza vifaa vya maziwa. Mfumo unazidisha thamani ya kila dili kwa asilimia ya hatua iliyofikia, kisha unajumlisha.

Wiki hii dili ni mbili. Tangi la kupozea maziwa la shilingi 3,000,000 liko kwenye hatua ya "bei imetumwa", asilimia 60: 1,800,000. Mashine ya kukamulia ya 400,000 iko asilimia 80: 320,000. Jumla 2,120,000. Bosi akapiga meza kwa furaha.

Hongera, bosi. Ila pesa hiyo haiwezi kuingia kamwe. Itaingia 3,400,000, au 3,000,000, au 400,000, au patupu. Chama cha wafugaji hakinunui sehemu sita kwa kumi za tangi. Wastani huo husaidia ukiwa na dili nyingi zinazokaribiana kwa ukubwa.

Na hiyo 60 ilikuja na mfumo. Hakuna aliyehesabu bei tulizowahi kutuma na ngapi zililipwa. Bei ya tangi lenyewe ilitumwa mahindi yakipandwa. Sasa yanavunwa, mteja hashiki simu, lakini asilimia bado ni ileile.

Dili iliyonyamaza msimu mzima si asilimia 60. Ni sifuri yenye adabu.