Namna ya Kuandika Barua ya Kazi Isiyojibiwa

Mfanyabiashara wa dagaa wa Kibara, wilayani Bunda, anatafuta ofisa masoko wa mitandaoni. Nyumbani wamekukalia kooni uombe, nawe kazi huitaki. Basi omba, ila fuata mwongozo huu, na simu yako haitaita.

Kwanza, anza kama wenzako. Andika "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha jitaje kuwa kijana mchapakazi unayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Ukifika kwenye namba, msomaji atakuwa ameshashika barua nyingine.

Pili, fikia watu wengi kuliko waliopo mtandaoni. Dai kwamba tangazo lako la mkoani Mara liliwafikia watu milioni 2. Sensa ya 2022 ilihesabu mkoa mzima watu 2,372,015, wakiwemo vichanga na wazee wasio na simu janja. Siri ya muujiza huo ni kusoma mstari wa Impressions na kuuita Reach. Wa kwanza huhesabu mara ambazo tangazo limeonekana, wa pili huhesabu watu. Mtu mmoja akiliona mara tatu, kwako wawe watu watatu. Mwajiri akikuuliza kila mtu aliliona mara ngapi, kohoa.

Tatu, toa asilimia bila mwanzo wake. "Mauzo yalipanda kwa asilimia 300" inapendeza mradi usiseme kwamba yalitoka pakiti 5 yakafika 20. Ukitaka kuharibu zaidi, tumia mwezi. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti vizuri na mitumbwi mingi hupumzika. Chukua siku za mbalamwezi uziite "kabla ya kampeni", na siku za giza uziite "baada ya kampeni". Mauzo yatapaa hata kama hukuweka tangazo lolote. Mwenye mali, ambaye maisha yake yote yanafuata kalenda hiyo, atakubaini kabla hajageuza ukurasa.

Nne, jifiche ndani ya "tu". Tulibuni, tulisimamia, tulifanikisha. Mwajiri asijue kama uliandika matangazo, ulishika bajeti, au ulikuwa unapeleka chai kwa waliofanya hayo.

Onyo. Kuna barua ambayo ukiituma utaitwa kwenye usaili. Uione ili uikwepe:

"Kwa siku 14 za giza nilitangaza dagaa waliofungashwa kwenye Facebook na Instagram kwa shilingi 140,000. Niliwalenga wakazi wa mijini Mwanza na Musoma, kwa kuwa mtu wa Kibara hununua mwaloni. Watu 38,000 waliliona tangazo, kila mmoja karibu mara tatu. Ujumbe wa WhatsApp uliingia kutoka kwa watu 224, na 56 kati yao wakanunua pakiti 140. Mauzo yote ya duka yalikuwa pakiti 210; siku 14 za giza za mwezi uliotangulia yalikuwa 90. Niliandika matangazo, nikachagua walengwa na kujibu ujumbe. Picha zilipigwa na muuzaji wa dukani, bajeti iliidhinishwa na mwenye duka. Ripoti ya Ads Manager nimeiambatisha."

Ubaya wa barua hii ni kwamba inahesabika. Kila ujumbe uligharimu shilingi 625, kila mnunuzi 2,500. Robo tu ya walioulizia ndio walionunua, jambo ambalo mwongo asingeliandika. Pakiti zilizoongezeka ni 120; kama kila moja ina faida ya 2,000, hiyo ni 240,000, na ukitoa gharama ya tangazo zinabaki 100,000. Hakuna muujiza hapo, kwa hiyo mwajiri ataamini. Tena, kwa kuwa duka liliuza 210 na zilizopitia ujumbe ni 140 tu, mwombaji hajajitwalia zile 70 nyingine.

Mwajiri wa namna hiyo atakuuliza: ulijuaje kwamba wale 56 walitoka kwenye tangazo? Ukimjibu kwamba uliwawekea lebo kwenye WhatsApp Business siku waliyoandika, na kwamba waliopiga simu moja kwa moja hukuweza kuwahesabu, umekwisha. Atakuuliza unaweza kuanza lini.

Kwa usalama wako, rudi hatua ya pili uongeze watu milioni moja.