Mimi ni Mzee wa Miaka 71

"Mimi ni mzee wa miaka 71, nina wajukuu kumi na mmoja, na goti hili nililivunja nikikimbizwa na nyati." Maneno hayo nilimwambia mama mmoja wa Kijerumani mwenye kampuni ya kuleta watalii, nikiwa nimevaa sketi ya kazini na magoti yangu yote mawili mazima. Yule mama hakushangaa. Alimtazama mzee aliyekaa kushoto kwangu, akalitazama goti lake, akatikisa kichwa kwa huruma. Aliyeshangaa ni mhudumu wa chai, ambaye alisimama na birika mkononi akinitathmini upya.

Ndiyo kanuni ya kazi yetu. Mkalimani hasemi "mzee anasema ana goti bovu". Mzee akisema "mimi", nami nasema "mimi", kwa sababu ukianza "anasema, anasema", baada ya dakika kumi hakuna anayejua nani anamwahidi nani nini, na katika mkataba hilo ndilo linalolipiwa mawakili.

Tulikuwa Karatu, kwenye loji iliyo juu ya mashamba ya kahawa, upande wa nje wa lango la Ngorongoro. Mzee ndiye mwenye loji. Kijana wake, mhasibu wa nyumbani, alikuwa na kompyuta mpakato na rasimu ya mkataba. Mama wa Kijerumani alikuja na msaidizi mmoja, kijana mwembamba anayechapa kila kinachosemwa. Mimi nilikuwa katikati na daftari. Ukalimani huu ni ule wa fuatizi: mtu aseme, anyamaze, ndipo nawe useme yote aliyosema. Shida iko hapo kwenye "anyamaze". Wazee wetu wana pumzi.

Daftari lenyewe ni lile dogo la waandishi wa habari, lenye waya juu, kwa sababu linafunguka kwa mkono mmoja hata ukiwa umesimama. Naandika upande mmoja tu wa karatasi. Likijaa nalipindua lote na kurudi na upande wa nyuma, nisije nikapekua huku na huku watu wakinitazama. Kushoto nimepiga mstari wa wima kuacha pambizo nyembamba, na humo huingia maneno ya kuunganisha tu: ila, kwa sababu, basi, kama. Mgeni wa kazi hii hudhani namba ndizo ngumu. Namba ni ngumu, lakini ukikosa "ila" umeuza loji ya watu.

Mzee akakohoa, akaanza.

"Mwanangu, mwambie hivi. Vyumba ninavyo kumi na vinne. Nitamtengea vinane, kuanzia Juni mpaka Oktoba, wakati wa wageni wengi. Ila siku thelathini kabla ya wageni kufika awe ameniletea majina. Asipoleta, vyumba vinarudi kwangu, nauza kwa mwingine, wala asininunie. Agosti siyo thelathini, ni arobaini na tano. Unajua kwa nini? Kuna watu waliwahi kunishikia vyumba mpaka juma la mwisho, halafu wakasema hawaji. Mama yenu hapa alikuwa amekwisha kununua mbuzi wanne. Tulikula mbuzi, tukala mbuzi, mpaka leo mjukuu wangu akisikia harufu ya supu anatoka mezani. Basi. Bei ni dola mia moja sitini na tano kwa mtu, kulala na milo mitatu, VAT humo humo. Dereva wake analala bure. Vinywaji havimo."

Ukiandika hotuba hiyo neno kwa neno utafika "mwanangu mwambie" wakati yeye yuko kwenye supu. Jean-François Rozan, aliyefundisha kazi hii Geneva, alitoa mwaka 1956 kitabu chembamba chenye kanuni saba, na ya kwanza ni kuandika wazo, siyo neno. Alama alizopendekeza ni ishirini tu, na kati yake kumi ndizo alizoona huwezi kuziacha. Vijana hupenda kubuni alama mia mbili, kisha mkutanoni wanakodolea karatasi yao kama waliookota barua ya mtu mwingine.

Kwenye daftari langu hotuba ya mzee ilishuka kama ngazi, kutoka kushoto juu kwenda kulia chini. Juu: 14 vy. Chini yake, nikisogea kulia: 8, mshale kuelekea herufi ya mama, VI–X. Kwenye pambizo: ila. Mbele yake: –30, majina. Chini: alama ya mkasi kwenye "majina", kisha mshale unaorudi kwa mzee, maana yake asipoleta vinarudi. Halafu VIII = 45, nikapigia mstari mara mbili kwa sababu sauti ya mzee ilipanda. Pambizo: ksb. Mbele yake neno moja tu: mbuzi. Kisha 165/mtu, milo 3, VAT ndani ya kisanduku kumaanisha imo, dereva 0, na vinywaji nje ya kisanduku.

Hilo neno "mbuzi" ndilo siri ya daftari zima. Kisa hakihitaji kuandikwa, kwa sababu akili ya binadamu hushika kisa chenyewe: nani, alifanya nini, kikatokea nini. Kinachoteleza ni kile kisicho na sababu wala mwili, yaani tarakimu, majina ya watu, tarehe na orodha. Basi tarakimu naziandika zikiwa bado hewani, hata nikikatiza wazo nililokuwa ninalimalizia, kisha narudi kwenye wazo, lenyewe litaningoja. Mzee alipomaliza nilipiga mstari wa mlalo ukurasa mzima, nikapitisha jicho mara moja, nikainua uso. Usipoinua uso unageuka msomaji wa taarifa. Kila ngazi niliyokwisha kuisema naikata kwa mstari wa mshazari, ili nisirudi kumpa mama vyumba vinane vingine.

Nikasema yote, mpaka supu na mjukuu, maana mkalimani hana ruhusa ya kupunguza mbuzi wa watu. Msaidizi akachapa kwa bidii. Baadaye mama aliposoma kwa sauti masharti aliyoyapokea, tulisikia: vyumba vinane, siku thelathini, Agosti arobaini na tano, na mbuzi wanne. Akauliza kwa heshima kama mbuzi hao ni kwa kila kundi la wageni au kwa msimu mzima, na kama wasiokula nyama watapunguziwa bei. Mzee akanigeukia. "Mwambie kama anawataka, wapo."

Ikawa zamu ya mama, na hapo dhiki ikabadilika sura. Mzee ana pumzi ndefu, lakini mama ana adabu ndefu. Alikuwa akisema nusu sentensi kisha ananyamaza kunihurumia, kumbe Kijerumani chenyewe mara nyingi huweka kitenzi mwishoni. Alitamka "sisi vyumba vyote vinane mwezi wa Juni bila malipo ya awali", akatabasamu, akaningoja. Vyumba vyote vinane tunafanya nini? Tunavichukua? Tunavikataa? Nilimwonyesha kwa mkono aendelee. Kwenye daftari nilikuwa nimeacha nafasi tupu kati ya yeye na vile vyumba, pa kuweka kitenzi kikifika. Kilifika, kikiwa kimetanguliwa na kikanushi: hawawezi kuvithibitisha. Kukanusha nakuandika kwa msalaba mkubwa juu ya kitenzi, kamwe siyo kwa herufi ndogo, maana katika Kiswahili kati ya "atalipa" na "hatalipa" kuna pumzi moja tu, na mafua ya Karatu yakishika mtu pumzi hiyo haisikiki.

Kisha wakaja kwenye bei. Wajerumani hutanguliza mamoja kabla ya makumi. 148 kwao ni mia moja nane na arobaini. Dawa yake iko mkononi, siyo kichwani. Nikisikia "nane" naiandika mbali kulia na kuacha pengo, "arobaini" ikija naijaza katikati. Kijana wa mzee, aliyewahi kujifunza Kijerumani kidogo kwa wageni, alisikia mwenyewe na kuamua kumsaidia babake kabla yangu. "Baba, amesema mia moja themanini na nne." Mzee, aliyekuwa ameomba 165, akakaa sawa, akameza chai, akasema taratibu kwamba huyu mama ni muungwana na yeye anakubali papo hapo. Nikatafsiri kwamba nakubali. Mama akafurahi. Nikamgeukia mzee na kumpa sasa sentensi ya mama jinsi ilivyokuwa, 148. Sijapata kuona ridhaa ikirudishwa kwa haraka namna ile. Waliishia 158, baada ya mikono mingi na kikokotoo kupitishwa mezani, na hilo nalipendekeza kwa kila mkalimani: tarakimu ya fedha ikitajwa, iandike kubwa, igeuze daftari, iwaonyeshe wote wawili.

Rasimu ya kijana nayo ilikuwa na yake. Mzee alisema wageni watoke vyumbani saa nne asubuhi. Mimi naandika saa ya Kizungu palepale ninaposikia, 10, nisije nikafanya hesabu huku mdomo unaenda. Kijana aliandika alichosikia, 4:00. Mama alipofika kwenye kifungu hicho alivua miwani na kuuliza ni mnyama gani huko bondeni anayeamka mapema hivyo.

Tulipomaliza, mzee akalivuta daftari. Kwake yeye ile ndiyo ilikuwa hati ya kweli. Iliyochapwa na vijana haimtoshi. Akaona kila mahali alama ya duara lenye kofia. "Huyu nani?" Nikamjibu, ni wewe, Mzee. Akaitazama sana. Akasema kofia ni ndogo, kisha akataka kurasa zote ziambatanishwe kwenye mkataba na zigongwe muhuri. Nilimweleza kwamba karatasi hizi hazifai kitu kesho. Akili ikishapoa hata mimi mwenyewe naona mishale na mbuzi tu. Tena ni siri zao wote wawili, kwa hiyo huchanwa. Akakubali zichanwe mbele yake, ila ukurasa wenye kofia nzuri kuliko zote akaukunja na kuutia mfukoni.

Likabaki la malipo yangu. Mama alijua analipa mwenye loji. Mzee alijua analipa aliyeleta lugha ngeni. Wakanitazama wote, nami nikafungua ukurasa mpya, kwa kuwa kanuni ni kanuni.

"Mimi simlipi mkalimani," nikamwambia mama, kwa sauti thabiti ya mzee.

"Mimi nilidhani gharama yake imo kwenye bei ya chumba," nikamwambia mzee.

"Imo wapi? Mimi nimeshusha dola saba, na huyu binti amekunywa chai yangu vikombe vitatu."

Nikaandika 3, nikaitafsiri bila kupunguza. Mama akafikiri, akasema sentensi ndefu ambayo kitenzi chake sikukiona mpaka mwisho kabisa, na kilipofika kilikuwa kugawana. Nikaandika ½, nikaizungushia duara, nikamgeuzia mzee daftari kabla kijana wake hajamsaidia.