Kijiti Kimoja cha Kirumi

Ami yangu alinunua kiwanja Kikambala, na karatasi yake haitaji Kikambala popote. Haitaji msikiti wala ule mwembe ambao dalali aliusifia kutwa nzima. Inasema 1864/III/MN, C.R. 31207, Orig. No. 402/7, F/R 218/63, kisha 0.0465 Ha. (Namba nimezibadilisha. Ami bado anawaogopa madalali.)

Wa kwanza kuisoma alikuwa mkewe, na jicho lake likaangukia mwisho wa mstari. "Nukta sifuri! Pesa zote zile, mume wangu, umeuziwa sifuri?" Ha ni hekta, na hekta moja ni mita za mraba elfu kumi, kwa hiyo 0.0465 ni mita za mraba 465, yaani futi hamsini kwa mia, kiwanja cha kawaida kabisa. Shangazi alielezwa hayo mara nyingi. Anakubali, lakini hadi leo anasema serikali ingeweza kuandika namba yenye heshima zaidi.

Ami naye alikuwa na tafsiri zake. MN aliichukua kuwa "mnunuzi", na akafurahi kwamba ametambuliwa. Kwa kweli MN ni Bara Kaskazini, upande mmoja wa mgawanyo wa zamani wa ardhi ya Mombasa na kando yake. Kuna MI, kisiwa chenyewe, na MS, Bara Kusini, ambako ndiko Likoni. Usiulize sana kuhusu dira, maana Changamwe nayo huandikwa VI/MN, na mtu yeyote aliyesimama kisiwani jua likitua anajua Changamwe iko wapi. Mfumo huu ulikua chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyoihusu Pwani peke yake, na ingawa sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, namba zake zingali zinazunguka mitaani na makabatini mwa wazee wetu.

Palipotutesa sisi ni katikati, kwenye ile namba ya Kirumi. Bara Kaskazini imegawanywa sehemu, na kila sehemu huhesabu viwanja vyake yenyewe, ikianza na moja. Basi 1864 peke yake haina maana. Iko 1864 ya sehemu ya pili, ambako utaikuta Bamburi, na iko 1864 ya sehemu ya tatu, upande wa Mtwapa na Kikambala. Tofauti yao kwenye karatasi ni kijiti kimoja. Kwenye ardhi ni mkono wa bahari wa Mtwapa, daraja lake, na kaunti nyingine.

Binamu yangu alitumwa kulipa kodi ya ardhi akiwa na fotokopi. Mtu mwenye mapenzi na faili alikuwa ameitoboa kwa panchi ubavuni, na tundu likameza kijiti cha kwanza cha III. Ikabaki II. Binamu, ambaye kuuliza hukuona ni aibu, aliipeleka Mombasa badala ya Kilifi. Namba ikaingizwa kwenye kompyuta, ikakubalika, na deni likatoka. Deni lilikuwa la mtu mwenye mali. Ami alilipa kiasi huku akinung'unika, na mahali fulani Bamburi kuna tajiri aliyepunguziwa mzigo na mstaafu wa bandari asiyemjua.

Kilichomtia moyo ami ni hesabu yake mwenyewe: kodi ikiwa kubwa hivi, basi kiwanja nacho kimepanda thamani. Akataka kukiona. Akampigia sorovea kijana, akamtumia picha ya ile fotokopi kwa simu, na kijana akatupeleka moja kwa moja mbele ya geti la chuma lenye jumba la ghorofa nyuma yake na mabwawa mawili ya kuogelea. Ami alilitazama kwa muda, akavua kofia. "Kumbe kimejengwa," akasema kwa upole, kama mtu aliyerudishiwa mtoto akiwa ameshasomeshwa. Kisha akamwendea askari na kujitambulisha kuwa ndiye mwenyewe. Askari alikuwa muungwana. Alimwita "mzee wangu", na kwa sauti ileile akamwita mbwa.

Pale kando ya barabara ndipo sorovea alipoomba kuona hati halisi, na shangazi akaitoa mkobani ikiwa imefungwa ndani ya kanga. Kijana hakushughulika na namba ya kiwanja. Alitazama ukubwa: 0.0465, wakati ukuta uliokuwa mbele yetu ulizunguka zaidi ya ekari. Akatazama F/R, folio na rejesta, ambayo huonyesha ramani ya upimaji ya kiwanja imehifadhiwa wapi. Ramani hiyo ina urefu wa kila upande na namba za majirani, na hakuna jirani hata mmoja aliyelingana na pale. Akamaliza na C.R., rejesta ya Pwani. Namba hiyo haijali sehemu wala vijiti, ni ya jalada la hati yenyewe, na kiwanja kikikatwa vipande kila kipande hupewa C.R. yake. Ndiyo maana karatasi ya ami inabeba pia Orig. No., namba ya shamba mama lililokatwa. Sachi ilipofanywa kwa C.R., jibu lilirudi na vijiti vyote vitatu, jina la ami, na Kikambala yake.

Tukavuka daraja. Huko kazi ilikuwa kutafuta bikoni, ambazo kwenye ramani huandikwa I.P.C., yaani pini ya chuma iliyozamishwa katika zege. Pembe zilikuwa nne. Mbili tulikuta zege limepasuliwa na tundu tupu katikati, kwa sababu wanunuzi wa chuma chakavu hawasomi Sheria ya Upimaji, ambayo inalifanya kosa kung'oa alama. Ya tatu ilikuwa salama kwenye pembe ya ukuta wa jirani. Ya nne mtambo wa sorovea ulisisitiza kuwa iko ndani ya kibanda cha mama mmoja wa mahamri, na mtambo haukukosea: bikoni ilikuwa figa la tatu. Mvua ilikuwa imekula mchanga hadi zege likachomoza, naye mama akaleta mawe mawili ya kimo chake, akaweka karai la mafuta.

Ami akaanza kufoka. Mama akamsikiliza huku akigeuza mahamri, kisha akauliza zile nyingine ziko wapi. Hakujibiwa. "Hii ingebaki kama si moto wangu?" Sorovea alimpa haki. Bikoni huwezi kuipanda popote upendapo kama kijiti cha muhogo. Zile mbili zilizopotea zingerudishwa kwa kupimwa kutoka zile zilizobaki, na bila figa lile ingebidi atafute alama za mbali zaidi, kwa siku zaidi na malipo zaidi. Ami alisikia neno malipo, akanyamaza, akaagiza mahamri ya watu wote na mbaazi juu.

Mama alikataa kuepua karai kabla ya kumaliza unga aliokanda. Sorovea akapima akiwa amekaa upande usio na moshi, na katika daftari lake, mbele ya pembe ile, akaandika: I.P.C., imepatikana, nzima, haishikiki.