Mfuasi wa Kitum Asiishie Kapsokwony: Mwongozo wa Linki Moja

Mfuasi anayetaka kuja Mlima Elgon hapotei njiani Endebess. Hupotea kwenye simu, mahali fulani kati ya picha aliyoipenda na ukurasa wa kuweka nafasi, na mwenye biashara hajui hata kwamba alikuja. Hapigi simu kulalamika. Anateleza kidole juu, anakutana na video ya mtu akipika chapati, na Jumamosi yake inakwenda kwingine.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya waongozaji wageni, wenye vyumba vya kulala na wenye magari ya safari kuanzia Kitale hadi mpakani Suam. Tufuate safari moja. Tuseme unapeleka watu kwenye mapango ya Kitum na Makingeny kila Jumamosi, mnaondoka Kitale saa moja asubuhi, mnarudi jioni, kwa shilingi 3,500 kwa kila mtu. Umepata picha nzuri ya mdomo wa Kitum, pango ambalo tembo wamezoea kuingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Picha iko Instagram. Sasa mlete mtu.

1. Usimpe mfuasi anwani asiyoweza kuibofya

Watu wengi hubandika anwani nzima ya tovuti chini ya picha, kuanzia https hadi mkwaju wa mwisho. Kwenye Instagram maandishi ya chini ya picha hayabofyeki. Mfuasi anaigusa anwani mara moja, mara mbili, kisha anaibonyeza kwa muda mrefu akidhani ataweza kuinakili, na programu ya simu haimruhusu. Aliyebaki ni yule aliye tayari kuiandika herufi kwa herufi kwenye karatasi, na huyo tayari ni ndugu yako.

Kwa hiyo anwani itoke kwenye maelezo, iwekwe kwenye wasifu. Maelezo yafanye kazi moja tu: kumwambia mtu aguse wapi na atafute maneno gani. Yaweke mwanzoni, kwa sababu Instagram hukata maelezo baada ya mistari michache na kuficha yaliyobaki. Ukianza na aya tatu za kusifu ukungu wa Elgon, agizo lako litazikwa mahali ambapo wachache hufika. Andika hivi:

"Safari ya Kitum, kila Jumamosi kutoka Kitale. Gusa jina letu juu ya picha hii, kisha gusa linki iliyoandikwa SAFARI YA KITUM."

"Linki iko kwenye wasifu" haitoshi. Anayeisoma anaweza kuwa shangazi aliyefungua akaunti mwezi jana ili aone picha za wajukuu. Hajui wasifu ni kitu gani, lakini jina lililo juu ya picha analiona.

2. Jina liwe lilelile mpaka kwenye malipo

Hapa ndipo penye shida kubwa kuliko zote. Posti inasema "Safari ya Kitum". Mfuasi anafika kwenye wasifu, anakuta linki iliyoandikwa "Huduma zetu". Anaibofya kwa mashaka, anafungukiwa na ukurasa wenye kichwa "Karibu Magharibi mwa Kenya", na chini yake kuna kitufe cha "Vifurushi". Kila hatua imebadilisha jina la kitu kilekile, na mtu mwenye akili timamu anaanza kujiuliza kama yuko mahali sahihi.

Instagram hukuruhusu kuipa linki jina unapoiongeza kwenye sehemu ya kuhariri wasifu. Itumie nafasi hiyo. Posti iseme Safari ya Kitum, linki iitwe Safari ya Kitum, kichwa cha ukurasa kiwe Safari ya Kitum, na ujumbe wa kuthibitisha malipo useme mtu amelipia Safari ya Kitum. Mfuasi akiona maneno yaleyale mara nne, hahitaji kufikiri.

Saa nazo ziwe hivyo. Maelezo yakisema saa moja asubuhi na kalenda ya kuweka nafasi ikionyesha 7:00 AM, ndugu aliyekulia Ulaya atakuja akiwa ameelewa moja na kukosa jingine. Andika zote mbili pamoja kila mahali: saa moja asubuhi, yaani 7:00 AM.

3. Wasifu si stendi ya Kitale

Tangu Aprili 2023 Instagram imeruhusu linki hadi tano kwenye wasifu mmoja, na wengi wakaona ni haki yao kuzitumia zote tano. Lakini ukiwa na zaidi ya moja, wasifu huonyesha ya kwanza tu, na nyingine hufichwa nyuma ya mguso mmoja zaidi. Mgeni anakutana na orodha ya YouTube, Facebook, WhatsApp, blanketi za kuuza na safari, zote zikimvuta kama makanga watano walioshika begi moja.

Weka moja. Kama una biashara tatu za kweli, linki hiyo ipeleke kwenye ukurasa mwepesi wenye vitufe vitatu, na kitufe cha juu kabisa kiwe cha kile ulichoposti wiki hii. Huduma kama Linktree hufanya kazi hiyo, lakini kumbuka kwamba zinaongeza hatua. Kwa mwenye safari moja, linki iende moja kwa moja kwenye ukurasa wa safari hiyo. Isiende kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti.

4. Taja upande wa mlima

Elgon ni mlima mmoja wenye nchi mbili, na jambo hili huchanganya watu kabla simu haijawachanganya. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ipo Kenya, chini ya KWS, na nyingine yenye jina hilohilo ipo Uganda, ng'ambo ya mto Suam, chini ya mamlaka ya wanyamapori ya huko. Juu ya hayo, Mlima Elgon pia ni jina la eneo bunge katika Kaunti ya Bungoma, ambako mji wake ni Kapsokwony. Mtu wa Bungoma akisoma "tukutane Mlima Elgon" ana kila sababu ya kupanda matatu ya Kapsokwony, na Kitum hataiona siku hiyo, kwa sababu njia ya kawaida ya kwenda mapangoni inapitia Endebess na kuingia kwenye lango la Chorlim, Kaunti ya Trans Nzoia.

Maneno haya yanatosha, na yawepo kwenye posti na mwanzoni mwa ukurasa: "Upande wa Kenya. Tunaondokea Kitale, tunaingia lango la Chorlim." Anayetaka kupanda kutoka Uganda atajua mapema kwamba hii si yake, na hutalazimika kumrudishia pesa.

5. Malipo ni mawili, yaseme yote

Kiingilio cha hifadhi hakilipwi kwako. Kinalipwa KWS kupitia eCitizen, kwa bei tofauti kwa raia, mkazi na mgeni kutoka nje. Mfuasi asiyejua hilo atalipa shilingi zako 3,500 na kudhani amemaliza, kisha mtakuwa langoni mnatafuta mtandao huku wenzake wakimtazama.

Kosa la kawaida ni kuiweka linki ya KWS kwenye wasifu, kando ya linki yako. Mfuasi anabofya ya serikali kwanza, analipia kiingilio cha tarehe anayoitaka yeye, kisha anagundua gari lako limejaa siku hiyo. Mpangilio uwe huu: kwanza nafasi kwenye gari, halafu kiingilio. Linki ya kwspay.ecitizen.go.ke ikae ndani ya ukurasa wako, baada ya mtu kuthibitishiwa tarehe, ikiwa na sentensi hii juu yake: "Bei yetu haina kiingilio cha hifadhi. Kilipie hapa kwa tarehe uliyothibitishiwa, na uje na kitambulisho ulichotumia."

6. Ukurasa unafungukia ndani ya Instagram

Linki ya kwenye wasifu kwa kawaida haifunguki kwenye kivinjari cha simu. Hufunguka ndani ya Instagram yenyewe, na huko mambo mengine hukataa. Kubwa ni kuingia kwa akaunti ya Google, kwa sababu Google huzuia watu kuingia kwenye akaunti zao kupitia kivinjari kilichopachikwa ndani ya programu nyingine. Fomu ya Google inayomtaka mtu apakie picha ya kitambulisho humlazimu aingie kwanza kwenye akaunti, na kuna atakayekwama hapo. Ondoa sharti la kupakia faili. Omba jina, namba ya simu, tarehe na idadi ya watu, basi. Kitambulisho utakiona langoni.

Kwa aliyekwama hata hivyo, weka kitufe cha WhatsApp chini ya fomu. Anwani yake hujengwa hivi:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Safari%20ya%20Kitum
```

Namba huanza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Ukiandika 07, WhatsApp itasema namba hiyo haipo, na mteja ataamini umefunga biashara. Maneno yaliyo baada ya text= huingia yenyewe kwenye kisanduku cha ujumbe, kwa hiyo utajua mtu anataka nini kabla hajasema habari yako.

7. Posti ya Pasaka itasomwa Agosti

Picha nzuri haizeeki. Mtu ataikuta miezi baadaye, ataguswa na maneno "gusa linki ya SAFARI YA KITUM", na akifika kwenye wasifu atakuta linki ya safari nyingine. Usibadilishe linki kila wiki. Iache anwani ileile, ubadilishe tarehe zilizo ndani ya ukurasa. Msimu ukiisha, ukurasa useme lini safari zitarudi na umruhusu mtu aache namba yake. Na kwa sababu picha hupigwa skrini na kutumwa kwenye makundi ya kanisa na ya chama, jina la akaunti yako liandikwe juu ya picha yenyewe. Picha ya skrini haibebi linki.

8. Jaribu kwa simu ya mtu mwingine

Simu yako inakudanganya, maana inakukumbuka na kukufungulia kila kitu. Mwombe mtu asiyekufuata, mwenye simu ya kawaida na bando la data, umwonyeshe posti na unyamaze. Usimwelekeze. Tazama tu kidole chake: kinasimama wapi, kinarudi nyuma wapi, anauliza "nibofye hii?" wapi. Kila swali lake ni sentensi ambayo hukuiandika. Irekebishe palepale, umpe mtu wa pili, mpaka mmoja aweke nafasi kuanzia kwenye picha mpaka kwenye ujumbe wa M-PESA bila kuinua macho kukutazama. Hapo posti yako iko tayari kutoka.