Kaka Yumo Pichani

Kaka yuko Maskati. Likizo ilikataliwa, harusi ya dada yake Tanga ikampita. Familia nzima ikaafiki aongezwe kwenye picha, naye akatuma yake, kanzu imenyooka. Mpiga picha akaikataa: "Kaka, piga nyingine. Huku jua lilitoka kushoto, lako linatoka kulia, vivuli vitatusuta. Simama miguu ionekane, kamera usawa wa kifua." Akatii. Akalinganishwa urefu na mdogo wake, asije akawa jitu, akatiwa kivuli miguuni, akawekwa pembeni asimzibe mtu. Nyuma ya picha mama akaandika: "Kaka aliongezwa baadaye." Shangazi akaguna: "Kafika bila nauli. Sasa aongezwe na kwenye daftari la michango. Huko kivuli hakitoshi."